Kutafsiri lebo ya divai ya Kifaransa: mahali, mwaka, nguvu ya kilevi na maneno ya kuandaa

Kigoma inapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa iko Kongo. Nchi zote mbili zinasoma Kifaransa, kwa hiyo si ajabu kukuta kwenye rafu ya duka pale Mwanga, au kwenye baa ya hoteli ya ufukweni, chupa ya divai ambayo lebo yake haina hata neno moja la Kiswahili. Mwenye duka anataka kibandiko cha Kiswahili, na mwenye hoteli anataka karatasi ambayo mhudumu ataisoma kabla ya kumjibu mgeni. Mara nyingi kazi hiyo hupewa mtu yeyote anayejua Kifaransa cha kuzungumza. Hapo ndipo makosa yanapoanza, kwa sababu Kifaransa cha lebo si kile cha gatini. Neno *robe* mtaani ni gauni. Kwenye chupa ni rangi ya divai.

Mwongozo huu unafuata chupa moja ya divai nyekundu tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno yake ni ya kawaida sana, yale utakayokutana nayo kwenye chupa nyingi za Ufaransa. Mbele imeandikwa:

CÔTES DU RHÔNE
Appellation d'Origine Contrôlée
2019
Vieilles Vignes
Mis en bouteille à la propriété

Na nyuma:

Robe grenat. Nez de fruits noirs et d'épices. Bouche ample, tanins souples.
Servir chambré, entre 16 et 18 °C. Ouvrir une heure avant.
À boire dans les 5 ans.
Contient des sulfites. 14,5 % vol. 75 cl ℮. Produit de France. L 21 084

Hatua ya kwanza: nakili kabla ya kutafsiri

Piga picha ya mbele, ya nyuma na ya shingo ya chupa. Chupa ni ya mviringo, na picha moja humeza herufi za pembeni, kwa hiyo izungushe upige angalau picha tatu za mzunguko. Kisha andika kila neno kama lilivyo, pamoja na vialama vilivyo juu ya herufi. Kwenye simu, bonyeza herufi na uishikilie mpaka vialama vyake vitokee.

Vialama hivyo si pambo. Kwenye divai nyeupe utakuta *arômes de pêche*. Neno hilo lina maana mbili, pichi na uvuvi, na katika mji wa wavuvi kama Kigoma mfasiri anaweza kuvutwa na uvuvi bila kujua. Ukibadili vialama na kuandika *péché*, umeandika dhambi. Lebo inasema tu kwamba divai ina harufu ya pichi.

Ukishanakili, pitia kila mstari ujiulize neno hili linafanya kazi gani. Maneno ya lebo ni ya aina tatu. Kuna majina, ambayo hayatafsiriwi. Kuna maneno ya sheria, ambayo yana maana moja iliyopimwa, na huna ruhusa ya kuyapamba wala kuyapunguza. Na kuna maneno ya sifa, ambayo mzalishaji ameyaandika ili auze. Makosa karibu yote ya lebo hutokana na kuchukua neno la aina moja na kulitafsiri kana kwamba ni la aina nyingine.

Mahali: jina lisiguswe, maelezo yaongezwe

*Côtes du Rhône* ni jina. Mfasiri wa haraka huandika "Pwani ya Rhône", maana *côte* analijua kutoka Côte d'Ivoire, na huko kweli ni pwani. Lakini neno hilo lina maana nyingine, mteremko wa kilima, na ndiyo iliyokusudiwa hapa. Rhône ni mto unaoanzia milima ya Uswisi, unaingia Ziwa Geneva, unatoka, kisha unashuka kusini mwa Ufaransa hadi bahari ya Mediterania. Mizabibu imepandwa kwenye miteremko na nyanda za bonde lake, na mji unaojulikana zaidi upande wa kusini ni Avignon.

Hata tafsiri sahihi, "Miteremko ya Rhône", isiwekwe mahali pa jina. Mteja akitaka kuitafuta tena divai ile, au akitaka kulinganisha bei, atahitaji jina lilivyoandikwa kwenye chupa. Andika Côtes du Rhône, halafu weka maelezo chini yake: bonde la mto Rhône, kusini-mashariki mwa Ufaransa.

Mstari wa pili, *Appellation d'Origine Contrôlée*, ni wa sheria. Kuueleza kwa mtu wa Kigoma ni rahisi kuliko kumweleza mtu wa mji mwingine wowote, kwa sababu hapa kila mtu anajua maana ya dagaa wa Kigoma. Akienda sokoni Dar es Salaam akakuta dagaa wa ziwa lingine wanauzwa kwa jina hilo, anajua kaibiwa, hata kama dagaa wenyewe ni wazima. Jina la mahali limebeba thamani. Wafaransa waliliwekea jambo hilo sheria mwaka 1935, na Côtes du Rhône ikapata ulinzi wake mwaka 1937. Zabibu zote lazima zitoke ndani ya mipaka iliyochorwa, na sheria inataja pia aina za zabibu zinazoruhusiwa na kiasi cha mavuno kwa hekta.

Kwa hiyo tafsiri yake ni "Jina la asili linalodhibitiwa kisheria". Usiandike "divai halisi", wala "ubora uliothibitishwa". Sheria inathibitisha asili na namna ya kutengeneza. Haiahidi kwamba utaipenda.

Kwenye chupa nyingine utakuta AOP badala ya AOC. Hicho ni kifupisho cha Umoja wa Ulaya kwa ulinzi huohuo. IGP ni ngazi iliyolegea zaidi: eneo ni kubwa, na zabibu zisizopungua asilimia 85 ndizo zinazopaswa kutoka humo. *Vin de France* maana yake ni kwamba zabibu zinaweza kutoka popote nchini Ufaransa, kwa hiyo usiibandikie mkoa hata kama anwani ya mwuzaji iko Bordeaux. Anwani ni ya ofisi, si ya shamba.

*Mis en bouteille à la propriété* hutafsiriwa "Imejazwa kwenye chupa shambani kwa mzalishaji". *Propriété* kwa Kifaransa cha kawaida ni mali, na ndiyo maana huonekana tafsiri zisizoeleweka kama "imewekwa chupani kwenye mali". Ukikuta *au château*, maana ni ileile. Château kwenye divai si lazima liwe kasri lenye minara. Ni shamba la mizabibu na jengo lake, hata likiwa nyumba ya kawaida.

*Vieilles Vignes* ni "mizabibu mikongwe". Kilichozeeka ni mmea, si divai, kwa hiyo "divai ya zamani" ni kosa linalompotosha mteja hadi kwenye bei. Mzabibu mkongwe huzaa kidogo, na wazalishaji wengi huamini kwamba zabibu zake hukolea zaidi. Lakini sheria ya Ufaransa haijataja mzabibu uwe na miaka mingapi ndipo uitwe mkongwe. Hilo ni neno la sifa. Litafsiri kama lilivyo na usiongeze idadi ya miaka.

Mwaka: 2019 si tarehe ya kiwandani

Mteja aliyezoea juisi na maziwa akiona 2019 hudhani divai imeisha muda, na mwuzaji hudhani ni mwaka wa kutengenezwa. Ni mwaka ambao zabibu zilichumwa. Andika "Mavuno ya 2019", neno *mavuno* lisikosekane, kwa sababu namba ikisimama peke yake kwenye kibandiko cha Kiswahili itasomwa vibaya.

Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, divai ikitaja mwaka, zabibu zisizopungua asilimia 85 lazima ziwe za mavuno ya mwaka huo. Divai isiyotaja mwaka mara nyingi imechanganywa kutoka mavuno ya miaka tofauti, na champeni nyingi ni za namna hiyo. Hapo usijaze pengo. Usichukue mwaka kutoka kwenye namba ya fungu, kama ile L 21 084 ya chupa yetu, wala kwenye medali iliyochorwa pembeni. *Depuis 1868*, yaani tangu 1868, ni mwaka wa kuanzishwa kwa nyumba ya biashara, na hauhusiani na kilichomo ndani.

Anayetafsiri chupa za nchi tofauti kwa ajili ya orodha moja akumbuke pia majira. Ulaya huvuna kati ya Agosti na Oktoba. Afrika Kusini huvuna kati ya Januari na Aprili. Divai ya Afrika Kusini ya 2019 kwa hiyo imeitangulia ya Ufaransa ya 2019 kwa karibu nusu mwaka. Dodoma ina mpangilio wake mwenyewe, maana kule mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti au Septemba. Mwaka kwenye chupa ya Dodoma unaweza kuwa wa mavuno yoyote kati ya hayo mawili.

Mwaka huu wa mavuno ndio ufunguo wa mstari mwingine ulioko nyuma ya chupa: *À boire dans les 5 ans*. Ukiutafsiri neno kwa neno utapata "Inywewe ndani ya miaka 5", na mteja ataanza kuhesabu tangu siku aliyoinunua. Mzalishaji anahesabu tangu mavuno. Piga hesabu mwenyewe na uandike jibu: 2019 na 5 ni 2024. "Inafaa zaidi kunywewa ndani ya miaka 5 tangu mavuno, yaani hadi 2024."

Mwaka huo umeshapita, na mwenye duka lazima aambiwe hivyo kabla hujachapa kibandiko. Mstari huo hata hivyo si tarehe ya mwisho wa matumizi. Ulaya haidai tarehe hiyo kwenye vinywaji vyenye kilevi cha asilimia 10 au zaidi, maana kilevi huzuia vijidudu vinavyodhuru mtu. Kinachotokea ni kwamba divai iliyotengenezwa inywewe mapema hupoteza harufu ya matunda. Afungue chupa moja aijaribu. Aimimine kwenye glasi, aiinamishe juu ya karatasi nyeupe: ukingo ukiwa na rangi ya chai badala ya wekundu, na harufu ikiwa ya siki au ya matunda yaliyokaushwa, imechoka. Chupa zilizokaa miezi mingi kwenye rafu yenye joto huchoka hata kabla ya mwaka ulioandikwa. Dalili utaiona bila kufungua: kizibo kimesukumwa juu kidogo, au kuna mchirizi unaonata shingoni.

Nguvu ya kilevi: mkato mmoja unaoweza kuharibu kila kitu

Wafaransa hutenganisha desimali kwa mkato. 14,5 kwao ni 14.5 kwetu. Mchapaji asiyejua huufuta mkato akidhani umeingia kwa bahati mbaya, na kibandiko kinatoka na asilimia 145, jambo lisilowezekana. Badili mkato uwe nukta, kisha urudie kuisoma baada ya kuchapa.

*Vol* ni kifupisho cha ujazo. Kwa hiyo 14,5 % vol huandikwa "Kilevi 14.5% kwa ujazo". Maana yake ni kwamba katika kila mililita 100 za divai, mililita 14.5 ni kilevi halisi, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa divai ya kawaida sheria ya Ulaya inaruhusu namba ya lebo ipishane na kipimo cha maabara kwa hadi nusu asilimia, na inataka namba iandikwe kamili au kwa nusu. Ndiyo maana utaona 14 au 14,5, lakini si 14,3.

Kwenye karatasi ya mhudumu, namba hii inahitaji kufanyiwa hesabu. 75 cl ni sentilita 75. Watu hawazitumii sentilita, kwa hiyo andika mililita 750. (Alama ℮ iliyo kando yake si herufi. Inaonyesha kwamba ujazo umepimwa kwa utaratibu wa Ulaya. Iache nje ya tafsiri.) Asilimia 14.5 ya mililita 750 ni karibu mililita 109 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Chupa nzima ya divai hii basi ni sawa na bia nne na zaidi, na glasi moja ya mililita 150, ambayo ni sehemu ya tano ya chupa, ina karibu mililita 22. Mgeni aliyezoea kuhesabu kwa chupa za bia aelezwe hivyo: glasi moja ni karibu bia moja. Hesabu hii ikae kwenye karatasi ya mhudumu tu. Kibandiko kibebe kile ambacho lebo imesema.

*Contient des sulfites* ni mstari mfupi ambao wafasiri huuruka kwa sababu hawajui waite nini. Usirukwe. "Ina salfaiti." Ni kihifadhi, na sheria inadai kitajwe kikizidi miligramu 10 kwa lita, kwa sababu baadhi ya watu, hasa wenye pumu, hudhurika nacho. Ukiandika "ina salfa" umetaja kitu kingine.

Maneno ya kuandaa: chumba cha nani?

*Servir chambré* ni mahali pagumu kuliko pote kwenye lebo hii, japo maneno ni rahisi. *Chambre* ni chumba. Tafsiri iliyozoeleka ni "Iandaliwe katika joto la chumba", na kwa sarufi haina kosa. Lakini neno hilo lilizaliwa katika nyumba za Ufaransa za zamani, ambako divai ilipandishwa kutoka stoo baridi ya chini ya ardhi na kuachwa chumbani ipate joto hadi nyuzi 16 au 18. Chumba cha Kigoma mchana kina nyuzi 28 au zaidi. Mhudumu anayeitii tafsiri ile atampelekea mgeni divai yenye uvuguvugu ambayo kilevi chake kinapanda puani na kuzima harufu nyingine zote. Atakuwa ametii maneno na kukosa maana. Tabora iko juu zaidi na usiku wake una ubaridi, lakini mchana wake nao hauifikishi divai kwenye nyuzi 18.

Lebo yetu imetusaidia kwa kutaja namba, kwa hiyo namba ndiyo iandikwe: "Iandaliwe ikiwa na nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi." Neno *chambré* liachwe. Lebo nyingine haitaji namba, inasema *chambré* peke yake, na hapo bado utaandika nyuzi 16 hadi 18, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya neno.

Kisha, kwenye karatasi ya mhudumu, mweleze namna ya kufika hapo. Chupa yenye nyuzi 28 ikiwekwa kwenye friji ya kawaida huhitaji kama saa moja hadi saa moja na nusu. Kwenye ndoo yenye barafu na maji huhitaji dakika 10 hadi 12. Maji ni ya lazima, maana barafu bila maji huigusa chupa sehemu chache tu na hupoza polepole. Umeme ukiwa umekatika, ndoo ndiyo njia pekee. Friza isitumike kwa chupa itakayosahaulika: divai ikiganda hutanuka na kusukuma kizibo.

*Ouvrir une heure avant* ni "Ifunguliwe saa moja kabla ya kunywewa". Hapa hali ya hewa ya Kigoma inarudi tena. Chupa iliyopozwa, ikifunguliwa na kuachwa mezani saa nzima, itarudi kwenye joto lilelile. Mpangilio unaofaa ni kuifungua kwanza, kisha kuirudisha kwenye friji ikiwa wima na wazi, ili saa hiyo moja ifanye kazi zote mbili. Shingo ya chupa ni nyembamba na hewa inayoingia ni kidogo, kwa hiyo mwenye jagi la kioo aimimine humo.

Neno la jagi nalo liangaliwe. *Carafer* na *décanter* yote yanaelekea kutafsiriwa "mimina kwenye jagi", lakini sababu zake hazifanani. La kwanza ni kumimina kwa nguvu divai changa ipate hewa. La pili ni kumimina taratibu sana divai iliyozeeka ili mashapo yabaki kwenye chupa. Tafsiri isiyotofautisha itamfanya mhudumu aitikise chupa ambayo haikupaswa hata kusogezwa. Andika "mimina kwenye jagi ipate hewa" kwa la kwanza, na "mimina taratibu, mashapo yabaki chupani" kwa la pili.

Kwenye divai nyeupe utakuta *servir frais*. *Frais* inaweza kuwa "freshi" na inaweza kuwa "baridi kiasi". Kwenye maneno ya kuandaa ni baridi, kama nyuzi 8 hadi 12. *Bien frais* ni baridi zaidi, nyuzi 6 hadi 8. Hakuna kati ya haya inayosema barafu iwekwe ndani ya glasi.

Sifa za ladha, na neno ukakasi

*Robe, nez, bouche*: kwa kamusi ni gauni, pua na kinywa. Kwa divai ni rangi, harufu na ladha. *Grenat* ni nyekundu iliyokolea, na kwa Kiswahili "nyekundu ya komamanga" inakaa vizuri na iko karibu na asili ya neno lenyewe.

*Tanins souples* huwasumbua wengi bila sababu, kwa kuwa Kiswahili kina neno zuri la jambo hili. Kile kinachokausha ulimi ukila zambarau ambayo haijaiva vizuri au ukifyonza bibo ndicho hicho, na tunakiita ukakasi. Kwa hiyo "ukakasi laini". Msomaji anaelewa mara moja, bila kufundishwa kemia.

*Fruits noirs* ni matunda ya Ulaya yenye rangi nyeusi, jamii ya beri. Kishawishi cha kuandika "zambarau" ni kikubwa na kinaeleweka, lakini mzalishaji hakuisema. Andika "matunda meusi", na mhudumu akitaka kumfananishia mgeni na zambarau, afanye hivyo kwa mdomo.

Neno moja ambalo halimo kwenye chupa yetu lakini litakuja ni *sec*, kavu. Kwenye divai tulivu, yaani isiyo na mapovu, linasema sukari ni kidogo sana, kwa kawaida isiyozidi gramu 4 kwa lita, na linaandikwa "kavu, haina utamu". Kwenye champeni neno hilohilo linasema gramu 17 hadi 32 kwa lita, yaani glasi moja ya mililita 150 inaweza kukaribia kijiko kimoja cha chai cha sukari. Hapo andika "yenye utamu kiasi". Champeni isiyo tamu inaitwa *brut*. Na kwenye pombe kali, *boire sec* ni kunywa bila kuchanganya na kitu. Neno moja, tafsiri tatu, na kinachoamua ni chupa iliyo mkononi mwako.

Ukikutana na pombe kali

Njia ni ileile, lakini namba hubadilika tabia. Miaka iliyoandikwa kwenye wiski, kwa mfano 12, ni umri wa pombe changa kuliko zote zilizochanganywa humo, ukihesabiwa ndani ya pipa. Ikishaingia kwenye chupa haizeeki tena, kwa hiyo "wiski ya miaka 12" haiwi ya miaka 20 kwa kukaa kabatini. Kwenye konyaki, herufi ziachwe kama zilivyo na umri uandikwe kando: VS ni angalau miaka 2 kwenye pipa, VSOP miaka 4, na XO miaka 10 tangu 2018. Kabla ya hapo XO ilikuwa miaka 6, jambo la kukumbuka ukikuta chupa ya zamani.

Chupa za Marekani hutaja nguvu kwa kipimo chao kiitwacho *proof*, ambacho ni asilimia mara mbili. 80 ni asilimia 40, 100 ni asilimia 50. Gawa kwa mbili kabla ya kuandika, na uikague na asilimia ambayo kwa kawaida ipo pembeni kwa herufi ndogo.

Kibandiko kilichokamilika

Chupa yetu sasa inasomeka hivi:

CÔTES DU RHÔNE
Bonde la mto Rhône, kusini-mashariki mwa Ufaransa
Jina la asili linalodhibitiwa kisheria
Mavuno ya 2019
Kutoka mizabibu mikongwe
Imejazwa kwenye chupa shambani kwa mzalishaji

Rangi nyekundu ya komamanga. Harufu ya matunda meusi na viungo. Ladha inayojaa kinywani, ukakasi laini.
Iandaliwe ikiwa na nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Ifunguliwe saa moja kabla ya kunywewa.
Inafaa zaidi kunywewa ndani ya miaka 5 tangu mavuno, yaani hadi 2024.
Ina salfaiti. Kilevi 14.5% kwa ujazo. Mililita 750. Imetengenezwa Ufaransa. Fungu: L 21 084

Namba ya fungu inanakiliwa bila kuguswa, hata nafasi kati ya tarakimu. Kila mzalishaji ana namna yake ya kuipanga, na ndiyo itakayotumika chupa zikirudishwa kwa hitilafu.

Kabla ya kuchapa, mpe mtu wa pili lebo ya asili na tafsiri yako, akusomee namba tu, moja baada ya nyingine: 2019, 16, 18, 5, 14.5, 750, namba ya fungu. Kwenye chupa hii ni namba saba, na 2024 uliyoiongeza ni ya nane. Maneno yakikosewa mteja atauliza. Namba ikikosewa ataiamini.

Kibandiko kiwekwe nyuma, chini ya lebo ya asili au kando yake. Kisifunike mstari wa salfaiti, namba ya fungu, wala stempu ya kodi ya kielektroniki. Kama chupa ni nyembamba na nafasi haitoshi, punguza mstari wa rangi, harufu na ladha, maana huo ndio pekee ambao mnywaji ataugundua mwenyewe.